Wiki ya tatu tu, kanitambulisha kwa watoto wake. Hii spidi ni ya wapi?

Fundi Taa wa Tabata
Wakuu, salaam. Naenda moja kwa moja kwenye mada.

Mimi mwanaume, miaka 34, sijaoa, sina mtoto. Huyu dada tulikutana kwenye kamati ya harusi ya jamaa yangu. Yeye alikuwa mweka hazina, mimi nilipewa ukumbi na muziki. Vikao vikaisha, harusi ikapita, mawasiliano yakabaki. Tumetoka mara chache, chakula na stori, hakuna kubwa. Alinieleza mapema kwamba ana watoto wawili na kwamba baba yao yuko Mwanza, wameachana, hela anatuma mwezi huu, mwezi ujao anapotea.

Sasa wiki ya tatu akaniambia, "Jumapili njoo nyumbani mchana." Nikajua tutakuwa wawili, dada wa kazi atakuwa ametoka na watoto. Nafika, watoto hao wamekaa kwenye kochi, wameoga, nyuso zinang'aa mafuta. Wa kike ana miaka 9, wa kiume minne. Mama yao akasema, "Huyu ndiye anko niliyewaambia." Wa kike akanipa shikamoo, akaenda kukaa kwenye mkono wa kochi upande wa mama yake, akawa anaangalia viatu vyangu. Wa kiume hata soda haijaisha alikuwa ameshanipanda mgongoni. Akaniuliza, "Anko, wewe unalala wapi?" Mama akacheka. Yule wa kike hakucheka.

Tukala wali na kuku. Saa kumi na moja nikaaga, akanisindikiza mpaka getini, basi. Jumanne ikaja sauti ya yule mdogo kwenye wasapu: "Anko njoo." Alhamisi nikaambiwa kuna mahafali ya chekechea mwishoni mwa mwezi, "ukipata nafasi".

Hajaniomba hela hata mia. Swali langu: anaharakisha ndoa, ananipima, au kwa wenye watoto hii ni kawaida? Na mimi nitembee mwendo gani? Nawasilisha.

Mzee wa Vingunguti
Kijana, umeshakula kuku wa Jumapili. Kuku wa Jumapili haliwi na mpita njia. Karibu ukweni.

Chalii wa Ngarenaro
Mkuu, usizungushwe. Singo maza akikuonyesha watoto mapema anakuonyesha majukumu. Leo mahafali, Januari ada, Februari sare na viatu. Anamtanguliza yule mdogo kwa sababu mtu mzima hawezi kumkatalia mtoto wa miaka minne. Hajaomba hela kwa sababu bado anatega. Kula kona mapema.

Mama Wawili wa Kimara
Chalii, umeandika kwa uchungu. Pole kwa yaliyokupata.

Mtoa mada, mimi ni singo maza, nikueleze kitu ambacho wanaume wengi hawakihesabu. Kila ninapotoka kuja kukutana na mtu, kuna mtu lazima abaki na wanangu. Dada wa kazi Jumapili anaenda kanisani na anarudi jioni. Nikimwomba jirani, jirani atataka kujua naenda wapi. Nikiwapeleka kwa mama yangu, mama ataniuliza maswali ambayo sina majibu yake bado. Halafu nauli ya kwenda na kurudi, na nikirudi saa tatu usiku mdogo kashalala bila kuoga. Ukinitoa mara tatu kwa mwezi, umeshatumia ruhusa zangu zote.

Kwa hiyo ikifika hapo mwanamke ana njia mbili: akuache uende, au akulete nyumbani. Wengine tunakuleta kwa sababu tu hatuna pengine pa kukuona. Nyumba ni chumba na sebule, watoto nitawaficha wapi? Siyo kwamba nimeshona sare ya harusi.

Tena angalia, alikuita mchana na akakusindikiza getini saa kumi na moja. Hiyo ndiyo ingekuambia mengi kama ungetulia. Anayekuharakisha hakuachii uondoke jua likiwaka.

Swali Kwanza
Kwani hao watoto wanafanana na wewe? Kama una wasiwasi, siku hizi kuna vipimo vya vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Usilee bila uhakika.

Mzee wa Vingunguti
Wewe soma tena kuanzia juu. Mtu amekutana na mama mwezi huu, mtoto ana miaka 9, unampeleka kwa Mkemia Mkuu kupima nini?

Swali Kwanza
Aah, nimepitia haraka. Endeleeni.

Afisa Jamii
Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii ngazi ya kata kwa muda mrefu. Migogoro ya wazazi walioachana ndiyo mkate wangu wa kila siku, na "anko mpya" huwa hakosekani kwenye maelezo. Niseme ninavyoona mimi.

Watu wengi wanasoma tarehe. Wiki ya tatu ni mapema, mwezi wa sita ni sawa, mwaka ni uungwana. Tarehe peke yake haikuambii kitu. Mimi huwa nauliza nini kilitokea baada ya utambulisho, kwa sababu kuna kuonyeshwa watoto na kuna kukabidhiwa watoto, na hayo mawili yana mwendo tofauti kabisa.

Kuonyeshwa ni kama ilivyokuwa Jumapili yako. Unafika, unasalimiwa, unakula, unaondoka, mama yupo muda wote. Kesho yake ratiba ya nyumba haijabadilika. Mtoto akiulizwa, atasema tulikuja kutembelewa na anko. Mlango unafungika bila kumbana mtu kidole.

Kukabidhiwa ni pale unapoingizwa kwenye siku zao. "Nipitie mtoto shuleni, nimechelewa kazini." "Mwambie anko akusaidie hesabu." "Kaa nao kidogo, natoka mara moja." "Anko akija atakuchapa." Hiyo ya mwisho ndiyo naichukia kuliko zote, maana mtu hajafahamika hata kwa ndugu zake mama na tayari kapewa fimbo. Ukiona hayo ndani ya mwezi mmoja, hapo spidi ni kubwa, hata kama neno ndoa halijatajwa na mtu yeyote.

Sasa wewe uko katikati. Jumapili ulionyeshwa. Ile sauti ya Jumanne na mahafali ya Alhamisi ndizo zinaanza kukuvuta ndani. Siwezi kusema ni mbaya. Nasema hapo ndipo pa kutazama, siyo ile wiki ya tatu.

Kuhusu watoto wenyewe. Wa miaka minne kukupanda mgongoni haina maana kwamba umependwa wewe. Wa umri ule anampanda hata fundi bomba. Tatizo lake ni kwamba akizoea, hajui kupunguza. Atakungoja Jumapili nyingine na nyingine, na usipokuja atafikiri amefanya kosa. Yule wa miaka 9 ndiye mwenye kumbukumbu ya baba yake, na kwake kukuchekea ni kama kumsaliti baba. Kukaa upande wa mama na kuangalia viatu ni majibu ya kawaida kabisa. Mimi ningeshangaa kama angekurukia.

Na maneno "niliyewaambia" usiyapite. Ina maana waliandaliwa. Mama aliyewaandaa watoto amewaza. Ambaye hajawaza, watoto wanakukuta sebuleni wakitoka shule.

Chalii wa Ngarenaro
Afisa, mimi hilo la "niliyewaambia" nalisoma kinyume. Kama aliwaambia kabla, basi alikuwa ameshaamua kabla ya kumuuliza jamaa kama yuko tayari. Jamaa aliitwa chakula, kumbe anapelekwa usaili. Huo ni mtego hata kama umepikwa vizuri.

Afisa Jamii
Hapo una hoja. Kuwaandaa watoto bila kumwandaa mgeni ni nusu ya kazi.

Anko Mstaafu
Ngoja niweke yangu, maana mimi nimepita njia hiyohiyo na nikatoka upande wa pili.

Nilitambulishwa mapema, nikafurahi, nikaona nimeaminiwa. Ndani ya muda mfupi nikawa ndiye ninayempeleka mtoto shule asubuhi, kwa kuwa pikipiki yangu inapita njia ile. Hakuna aliyeniomba rasmi. Siku ya kwanza mvua ilinyesha, ya pili mama kachelewa, ya tatu mtoto mwenyewe akawa ananisubiri mlangoni na begi. Shuleni wakaanza kuniita baba wa fulani. Mwalimu akachukua namba yangu.

Mimi na mama yake tulishindwana kwa mambo yetu, wala siyo makubwa. Kuachana na mama ilikuwa rahisi. Lakini mtoto alikuwa amekariri namba yangu. Akawa ananipigia kwa simu ya jirani: "Anko, leo hukuja." Nilibaki napokea, sijui kama napokea kwa haki ipi. Mama akaona namtumia mtoto kurudi. Mpenzi wangu aliyefuata akaona nina familia ya siri. Mwishoni nikaacha kupokea, na hapo ndipo nilipojiona mtu mbaya kweli.

Kwa hiyo kijana, mimi sikuogopeshi na ada kama Chalii. Ada unaweza kuikataa. Begi mlangoni asubuhi ndilo gumu kulikataa.

Chalii wa Ngarenaro
Mnaona sasa! Na mmesahau la sheria. Ukizoeleka pale nyumbani, ukalala lala, miezi sita tu unahesabika mume. Mkiachana mnagawana hadi deki. Yeye anajua, ndiyo maana anakimbiza.

Wakili wa Kata
Hiyo ya miezi sita inazunguka vijiweni miaka yote na haijawahi kuwa sheria. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema miaka miwili au zaidi, tena siyo kulala lala. Ni kuishi pamoja kwa namna ambayo jamii inayowazunguka inawachukulia kama mume na mke. Hata hapo inabaki dhana, na dhana inaweza kupingwa kwa ushahidi. Mtu anayekuja Jumapili kula wali na kuondoka saa kumi na moja hayumo.

Ila kuna swali ambalo mtoa mada hajaulizwa na ndilo mimi ningeanza nalo. Umesema "wameachana". Wameachana vipi? Kama walikuwa wanaishi tu pamoja, ni jambo moja. Kama walifunga ndoa, kutengana hakuvunji ndoa. Talaka inatoka mahakamani, na kabla ya kufika huko kwa kawaida shauri linapitia baraza la usuluhishi la ndoa. Watu wengi hawajafanya hivyo. Mume kahamia mkoa mwingine, basi kila mtu anasema wameachana. Kisheria huyo bado ni mke wa mtu, na mume anayo haki ya kudai fidia ya ugoni kwako wewe.

Hapo kutambulishwa kwa watoto mapema kunabeba uzito mwingine. Mtoto wa miaka 9 anaongea na baba yake kwa simu. Ataulizwa, "Nani anakuja hapo nyumbani?" Na atajibu, maana yeye hana cha kuficha.

Mzee wa Vingunguti
Wakili kamwaga maji ya baridi sebuleni.

Mwana wa Kisauni
Hapa kwetu Kenya mambo ni tofauti kidogo. Sheria yetu ya urithi inamtambua hata mtoto uliyemchukua katika familia yako kama wako na ulikuwa ukimlea wakati unafariki. Anaweza kuja mahakamani kama tegemezi. Wanaume wengi hawajui hilo mpaka siku ya matanga, watu wameketi na faili. Lakini hiyo ni ya mtu aliyelea, si mtu aliyeletewa sauti kwenye wasapu. Endeleeni na ndugu yetu wa Tabata.

Bint Unguja
Nyie wa bara mnanishangaza, mnajadili wiki ya tatu kama mnajadili mashindano ya baiskeli. Kwetu mwanamke aliyeachika anakaa eda yake, twahara tatu za hedhi, na mjane miezi minne na siku kumi, na hata kuposwa waziwazi ndani ya muda huo hairuhusiwi. Eda ikiisha, mwanamume mwenye nia anatuma wazee. Watoto anawaona mapema, ndiyo, kwa sababu hakuna cha kuficha: anajulikana kaja kwa nini. Tatizo lenu si kuwaona watoto mapema. Tatizo lenu ni mtu kuonwa na watoto kabla hajajulikana na wajomba zao.

Mama Wawili wa Kimara
Bint Unguja, hayo ni mazuri yakienda kwa utaratibu. Lakini hata huko si wote wanatuma wazee, tusidanganyane.

Bint Unguja
Sijasema wote. Nimesema utaratibu upo.

Fundi Taa wa Tabata
Nashukuru wakuu. Nijibu yaliyoulizwa.

Wakili, hawakufunga ndoa. Alitoa barua ya posa na sehemu ya mahari, haikuendelea. Walikaa pamoja miaka kadhaa. Sasa sijui kwa hiyo dhana yako nisimame wapi.

Afisa, hajanikabidhi watoto hata siku moja. Sijawahi kubaki nao peke yangu. Ila kuna kitu sikukiandika mwanzo. Yule mdogo alipokuwa mgongoni aliniambia, "Anko Beni alikuwa ananipa simu yake." Mama yake yuko jikoni. Dada yake akamkata jicho, akamwambia nyamaza. Sikumuuliza mtu yeyote Anko Beni ni nani.

Mzee wa Vingunguti
EEEEH! Hiki kitu unakileta leo? Uzi umeanza upya.

Chalii wa Ngarenaro
Nimekaa paleee. Kumbe kuna Anko Beni na wewe ni toleo jipya. Hapo hakuna utambulisho mapema, hapo kuna mlango unaozunguka.

Mama Wawili wa Kimara
Jamani, Beni anaweza kuwa kaka yake. Anaweza kuwa mpangaji wa chumba cha pili. Kwa watoto wetu kila mwanaume ni anko, hata muuza mkaa.

Mtoto wa Kwanza
Mimi nina miaka 27 sasa na nililelewa na mama peke yake, kwa hiyo niseme kwa niaba ya yule dada wa mkono wa kochi.

Maanko walipita nyumbani kwetu. Mama hakuwa mtu mbaya, alikuwa mpweke na alikuwa na matumaini kila mara. Kila anko alikuja na Jumapili yake, kuku wake, na mama akiwa amesuka nywele. Wa kwanza nilimpenda mpaka nikamchora shuleni. Alipoacha kuja hakuna aliyetuambia kitu. Jina lake likawa halitajwi tu. Wa pili nilimpa shikamoo na nikakaa mbali. Mdogo wangu alimpanda mgongoni kama huyu wa kwako, na mimi nikawa namkata jicho. Siyo kwa chuki. Nilikuwa nalinda asije akalia kama nilivyolia mimi.

Kwa hiyo lile jicho la dada mtu kwangu linasema mambo mawili. Beni alikuwa mtu wa mama, si mjomba. Mtoto wa miaka 9 hamnyamazishi mdogo wake kwa kumtaja mjomba. La pili, huyo binti anajua wewe ni mgeni wa aina gani, hata kama mama amesema anko.

Halafu mtu asije kuniambia mama yangu alikuwa anatafuta ada. Ada alilipa mwenyewe, kwa genge la nyanya.

Afisa Jamii
Mtoto wa Kwanza, asante. Hilo la jina kuacha kutajwa nimelisikia kwa watoto wengi, na wazazi hawalioni kama ni jambo.

Lakini tusimfunge mama wa watu kwa jina moja. Anko mmoja aliyepita ndani ya miaka kadhaa ni mtu kujaribu maisha. Cha kuuliza ni kama Beni naye aliletwa wiki ya tatu. Kama alichukua muda mrefu na wewe umechukua wiki tatu, huenda kuna kitu amekiona kwako, au kuna kitu kimembadilikia. Kama wote mmeletwa wiki ya tatu, basi hiyo ni desturi yake tu, haikuambii chochote juu yako. Kwake kumleta mtu nyumbani ndiyo mwanzo wa kumfahamu.

Mgane wa Machame
Mimi ni baba. Mke wangu alifariki, nimebaki na watoto watatu na mama mkwe anayekuja kila Krismasi kukagua. Nimesoma huu uzi wote naona mnawasema wanawake tu.

Mimi nilimleta dada mmoja nyumbani mapema sana, na sababu yangu haipo kwenye orodha yenu. Niliogopa. Nilishaumizwa na mmoja aliyesema hana shida na watoto, tukaendelea miezi mingi vizuri, siku anawaona akaanza kuhesabu vyumba. Baada ya hapo nikasema, anayekuja awaone kwanza. Kama anakimbia, akimbie mimi bado sijamzoea. Niliharakisha utambulisho ili nichelewe kupenda. Sasa huyo mama anaweza kuwa na hesabu hiyohiyo. Utambulisho wa haraka unaweza kuwa breki, siyo mafuta.

Mama Wawili wa Kimara
Mgane, nakuelewa, na nimewahi kufanya hivyohivyo. Lakini gharama yake ulilipa wewe au wanao?

Mgane wa Machame
Wa kwangu walikuwa wakubwa, sekondari. Walimchukulia kama mgeni wa baba. Ila mdogo kabisa aliuliza baadaye kama yule dada amekufa naye.

Afisa Jamii
Ndiyo maana kwa mtoto mdogo mimi bado nasema breki hiyo iko upande wa mtoto, siyo upande wako. Wewe unapunguza mwendo, yeye ameshaanza kuongeza.

Mama Wawili wa Kimara
Afisa, na mimi nikubishie. Ninyi wa ofisini mnatuambia tusubiri mwaka kabla ya kumwonyesha mtu watoto. Mwaka mzima nikidanganya naenda kikoba? Binti yangu ana akili, ananusa manukato, anaona simu nimeigeuza kifudifudi. Kufichwa nako kunamfundisha mtoto kitu. Bora anko aliyekuja mchana akala akaondoka, kuliko mama anayenong'ona bafuni.

Afisa Jamii
Sijasema mwaka. Rudi kwenye maelezo yangu. Nimesema aonyeshwe, asikabidhiwe.

Mama Wawili wa Kimara
Na kwenye chumba na sebule hiyo mipaka unaiweka wapi? Mtu akija mara nne kashakabidhiwa na mazingira.

Mzee wa Vingunguti
Hapo nampa Mama Wawili goli. Mimi nimelea watoto wa kambo, leo wana wajukuu wananipa shikamoo babu, na hakuna aliyenionyesha wala kunikabidhi. Niliegesha baiskeli uani siku moja, ikabaki hapohapo.

Swali Kwanza
Mzee, kwani ulipima vinasaba?

Mzee wa Vingunguti
Nitakuja huko uliko.

Fundi Taa wa Tabata
Mrejesho. Nilimuuliza. Siyo kwa simu, nilimpitia kazini kwake tukala mihogo.

Nikamwambia nilifurahia Jumapili ila sikujua naenda kukutana na watoto, na ningependa kujua kwa nini mapema. Hakukasirika. Akasema yule wa kike aliona jina langu kwenye simu, akauliza, "Huyu ndiye baba mwingine?" Akasema hakutaka kumdanganya, wala hakutaka mtoto akae na picha ya mtu asiyemjua, kwa hiyo akaona bora anione mara moja mchana. Kwa hiyo kumbe aliyeharakisha ni binti.

Beni alimtaja mwenyewe, sijamuuliza. Alikuwa mtu wake, walikaa muda, watoto walimzoea, akaoa kwingine bila kuaga. Akaniambia, "Ndiyo maana safari hii nimesema anko na sijasema baba." Yaani Beni walikuwa wanamwita baba mwanzoni, kisha wakarudishwa kwenye anko alipoondoka.

Kuhusu ile sauti ya Jumanne, amesema mtoto alichukua simu mwenyewe. Hilo sijui.

Chalii wa Ngarenaro
Mtoto wa miaka minne anafungua wasapu, anatafuta jina lako, anabonyeza, anatuma. Sawa.

Mama Wawili wa Kimara
Wa kwangu ana mitatu na juzi alimpigia bosi wangu kwa picha ya video, amevaa chupi. Kaa kimya.

Mtoto wa Kwanza
"Huyu ndiye baba mwingine?" Hilo swali mimi nisingelipita haraka. Mama kalijibu kwa kukuleta. Mimi ningependa alijibu kwa mdomo kwanza, "hapana, ni rafiki, sijajua bado". Mtoto aliuliza swali moja akapewa mtu mzima na kuku.

Mgane wa Machame
Mimi naona kafanya vizuri. Mtoto akiuliza, giza ndilo linalomtisha.

Wakili wa Kata
Mtoa mada, lile swali lako la usimame wapi: miaka yao ya kukaa pamoja inaweza kumpa yule bwana au huyo dada hoja kuhusu mali walizochuma, wakitaka kufika huko. Haikugusi wewe mpaka wewe mwenyewe uhamie. Usihamishe hata kabati kabla hayo hayajaeleweka.

Fundi Taa wa Tabata
Sawa wakili. Sasa limebaki la mahafali. Niende au nisiende? Kuna mchango wa elfu arobaini wa keki na joho, amenitumia tangazo la shule ila hajasema nichangie.

Chalii wa Ngarenaro
Hajasema. Ametuma tangazo tu. Nacheka kwa Kichagga.

Mzee wa Vingunguti
Nenda. Kaa siti za nyuma, piga makofi, usipande jukwaani kupiga picha ya familia. Zawadi ndogo, kalamu za rangi zinatosha. Mchango mwachie mama, ukitaka sana mpe mama mkononi, siyo shuleni.

Anko Mstaafu
Mimi nasema asiende. Walimu wana macho. Ukionekana mara moja na joho la mtoto, namba yako itaingia kwenye daftari la darasa, na mwakani watakupigia wewe mtoto akipata homa.

Afisa Jamii
Kabla hujaamua, umeuliza kama baba yao anakuja kutoka Mwanza siku hiyo?

Fundi Taa wa Tabata
Hilo sijauliza kabisa. Ngojeni nimtumie meseji.